Mzunguko Hupimwa Siku Kebo Inapokatika

Siku ya kawaida, karibu kebo yoyote inafaa. Taa zinawaka, pampu zinasukuma maji, na hakuna anayejiuliza chini ya bustani kumefukiwa nini. Shida huja siku mkandarasi wa bomba la maji anapoingiza kijiko cha mtambo wake mahali ambapo hakuna aliyemwambia kuna kebo ya kilovolti 11. Mlio mmoja mkubwa, vumbi, kisha nusu ya kampasi gizani. Hapo ndipo inapojulikana kama waliojenga mfumo wa umeme walijenga mzunguko wa kweli au walichora mzunguko kwenye karatasi tu.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo unavyopangwa katika chuo kikubwa: kebo za msongo wa kati, kabati la swichi ambalo mafundi huliita RMU au ringi meni, na chumba kinachobeba vyote. Tutatumia kampasi ya mfano iliyo kwenye joto la pwani, inayopokea umeme wa kilovolti 11 kutoka shirika la umeme langoni. Hesabu zake ni za kweli kiufundi, na mhandisi anaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha mkononi.

Kwa nini si volti 400 tu?

Kampasi yetu ina vituo vitano vya transfoma. Ukianzia langoni na kuzunguka, unakutana na maktaba pamoja na utawala, kisha maabara za uhandisi, mabweni, zahanati, na mwisho pampu za maji na karakana, halafu unarudi langoni. Saa ambayo chuo kizima kinatumia umeme mwingi kuliko saa nyingine zote, maktaba huvuta kVA 450, maabara 700, mabweni 800, zahanati 350 na pampu 300. Jumla ni kVA 2,600.

Mzigo huo ukiupeleka kwa volti 400, ile tunayoitumia majengoni, mkondo wake ni ampea 3,750 hivi. Utahitaji fungu la kebo nene kama mikono, na hata hivyo taa za mwisho wa njia zitakuwa hafifu. Mzigo huohuo kwa kilovolti 11 ni ampea 136 tu, na kebo moja ya nyaya tatu inaubeba. Ndiyo maana chuo kikubwa husambaza umeme kwa msongo wa kati hadi karibu na majengo, na transfoma ya kila kituo huushusha hapo hapo unapotumika.

Kinachobaki ni kuamua njia. Ukipeleka kebo moja kutoka langoni hadi kituo cha mwisho, kukatika kwake karibu na lango ni giza kwa wote hadi itakapoungwa, na kuunga kebo ya msongo wa kati ni kazi ya saa nyingi kwa fundi aliyefunzwa mahususi. Kwa hiyo kebo hutolewa langoni kwa upande mmoja, hupita kituo hadi kituo, na hurudi langoni kwa upande wa pili. Kila kituo kina pande mbili za kupokelea umeme.

Mzunguko unaoachwa wazi

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mzunguko huu hauendeshwi ukiwa umefungwa. Sehemu moja huachwa wazi makusudi. Katika kampasi yetu, swichi iliyo mabwenini inayotazama maabara hufunguliwa na kutiwa kufuli. Upande wa kwanza hulisha maktaba na maabara, jumla kVA 1,150. Upande wa pili hulisha pampu, zahanati na mabweni, kVA 1,450. Pande mbili zinakaribiana, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua mahali hapo.

Mzunguko ukifungwa wote, hitilafu yoyote italishwa kutoka pande mbili kwa pamoja. Breka zote mbili za langoni zitakata na chuo kizima kitazimika. Kuzuia hilo kunahitaji relei zinazotambua mwelekeo wa mkondo na breka katika kila kituo, na gharama yake vyuo vingi haviwezi kuihalalisha. Mzunguko ulioachwa wazi huzima nusu tu, kisha mtu mwenye ufunguo na akili timamu huurudisha umeme kwa dakika chache.

Mtu huyo anafanyia kazi mbele ya RMU. Kwa umbo ni kabati la chuma lenye upana wa mita moja na kidogo. Ndani yake kuna tangi lililozibwa kiwandani, mara nyingi lenye gesi ya SF6 ambayo huzima cheche swichi inapofunguka. Lina sehemu tatu. Mbili ni swichi za mzunguko, moja kwa kebo inayoingia na nyingine kwa kebo inayoendelea. Ya tatu ni tawi la kwenda kwenye transfoma, lenye fyuzi au breka ndogo. Kwa transfoma ya kVA 1,000, ambayo huvuta ampea 52 ikijaa, fyuzi kwa kawaida huwa za ampea 80 hadi 100, kwa sababu transfoma inapowashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi na fyuzi ndogo ingeungua bure. Fyuzi moja ikiungua, pini iliyo ndani yake huchomoka na kuigonga swichi ili ikate fezi zote tatu, jengo lisibaki na fezi mbili zinazounguza mota.

Kila swichi ya mzunguko ina hali tatu: kuwasha, kuzima, na kuunga ardhini. Kuunga ardhini ndiko kunakomlinda atakayeigusa kebo, na kabati limefungamanishwa kimitambo ili usiweze kutoka kwenye kuwasha na kurukia ardhini kwa mkono mmoja. Mlango wa sehemu ya kebo nao haufunguki hadi kebo iwe imeungwa ardhini. Mbele kuna vitaa vidogo vinavyoonyesha kama kebo ina umeme, geji ya gesi ambayo sindano yake lazima iwe kwenye rangi ya kijani, na kiashiria cha hitilafu. Hicho cha mwisho tukitazame kwa karibu.

Saa nane usiku

Tuseme mtambo wa kuchimba umeikwaruza kebo kati ya zahanati na mabweni mchana, na usiku wa mvua maji yameingia kwenye kovu. Kebo inapiga shoti. Breka ya langoni ya upande wa pili inakata. Pampu, zahanati na mabweni ziko gizani, na jenereta ya zahanati inaunguruma.

Fundi wa zamu hahitaji kuchimba wala kukisia. Anatembelea vituo akisoma viashiria, na kumpigia simu mhandisi wake.

"Shikamoo, mzee. Niko pampu, kiashiria kinamulika."

"Marahaba. Nenda zahanati."

"Zahanati nako kinamulika."

"Mabwenini?"

"Hapa hakimuliki, mzee. Kimetulia."

Kiashiria humulika pale ambapo mkondo wa hitilafu umepita. Ulipita pampu, ukapita zahanati, haukufika mabwenini. Kwa hiyo hitilafu iko kati ya zahanati na mabweni. Fundi anafungua swichi ya zahanati inayotazama mabweni, na ile ya mabweni inayotazama zahanati. Kipande kibovu sasa kimetengwa. Breka ya langoni inawashwa, na pampu na zahanati zinapata umeme. Halafu anatoa kufuli mabwenini na kufunga ile swichi iliyokuwa wazi, na mabweni yanapata umeme kupitia maabara. Kebo mbovu inaungwa ardhini ncha zote mbili na kutiwa kufuli. Kulipokucha wanafunzi wanaoga kwa maji ya bomba, na kipande kilichokufa kinasubiri timu ya kuunga kebo.

Mpangilio huu mzuri huharibiwa na kosa dogo la ufungaji. Kiashiria hupima mkondo kwa pete inayovaa kebo nzima. Kebo ya msongo wa kati ina tabaka la shaba chini ya gamba lake, na tabaka hilo huungwa ardhini kwa mkia mfupi. Kebo ikipita ndani ya pete pamoja na tabaka lake, mkia huo lazima urudishwe kupitia pete ileile kabla ya kufungwa kwenye mkanda wa ardhi. Usiporudishwa, mkondo unaorudi kwenye tabaka hufuta ule unaokwenda, na kiashiria hukaa kimya hitilafu ya ardhini inapopita mbele yake. Fundi atatumwa kutenga kipande kizima huku kibovu kikiwashwa tena. Ukiingia kwenye kituo kipya, fungua mlango wa kebo siku ambayo haina umeme na uutazame mkia huo. Ni jambo la kuona kwa macho.

Kebo ya ukubwa gani?

Turudi kwenye swali linaloulizwa kwanza na wanaolipa. Wakati wa kawaida upande wenye mzigo mkubwa unabeba kVA 1,450, yaani ampea 76. Mtu mwenye haraka atachagua kebo ya ampea 76 na kuongeza kidogo. Lakini fikiria hitilafu iko kwenye kipande cha kwanza kabisa, kati ya lango na pampu. Upande wa pili wote umekufa. Chuo kizima, kVA 2,600, kitapita kwenye kebo ya upande wa kwanza: ampea 136. Ukiongeza robo kwa ajili ya majengo yatakayoongezeka, unapata ampea 171. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ni kwa kila kipande cha mzunguko. Kipande kimoja chembamba kikiwekwa ili kuokoa fedha, ndicho kitakachounguzwa siku ya shida.

Majedwali ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, yanasema kebo ya nyaya tatu za shaba yenye kihami cha XLPE ikifukiwa ardhini hubeba takriban ampea 220 kama kila waya una milimita za mraba 70, na takriban 263 kama una 95. Kwa haraka, 70 inaonekana kutosha na ziada. Lakini majedwali hayo yanadhani udongo una nyuzi joto 20 na unyevu wa kutosha wa kuondoa joto la kebo. Pwani yetu si hivyo. Udongo ukiwa na nyuzi 30, uwezo unashuka hadi asilimia 93. Mchanga mkavu wa kiangazi hushika joto na kukata tena karibu moja ya tano ya kilichobaki. Ukizidisha yote mawili, kebo ya 70 inabaki na ampea 166, chini ya 171 tunazohitaji. Ile ya 95 inabaki na karibu 200. Ya 70 imeanguka kwa ampea tano, na imeanguka kwa sababu ya udongo.

Sasa jaribio la pili, ambalo wengi hulisahau. Hitilafu inapotokea, mkondo haulingani kabisa na mzigo. Shirika la umeme hutoa kwa maandishi uwezo wa shoti mahali linapokuunganisha. Tuchukue MVA 250. Kwa kilovolti 11 hiyo ni ampea 13,100, karibu mara mia ya mzigo wetu wote. Breka itakata, lakini kwa muda huo mfupi shaba inapanda kutoka nyuzi 90 kuelekea 250, ambazo ndizo kikomo cha kihami. Waya mdogo kuliko unaohitajika hupita kikomo na kihami huharibika urefu wote wa njia, si pale penye hitilafu tu. Hesabu yake ni fupi:

```
S = I × √t ÷ k
```

S ni ukubwa wa waya kwa milimita za mraba, I ni mkondo wa shoti, t ni sekunde hadi breka ikate, na k ni 143 kwa shaba au 94 kwa alumini, kwa kihami cha XLPE. Kwa sekunde moja, shaba inahitaji 13,100 ÷ 143, yaani 92. Kebo ya 95 imepita kwa shida. Kama relei ingekata kwa nusu sekunde, 65 ingetosha, na kuna watakaotumia hoja hiyo kutetea kebo ya 70. Lakini relei ya langoni ikishindwa, hitilafu itakatwa na breka ya shirika iliyo mbali zaidi na inayongoja muda mrefu zaidi. Mhandisi mwangalifu huhesabu kwa sekunde moja.

Alumini inahitaji 139 kwa jaribio hilo, na ukubwa wa kawaida unaofuata ni 150. Kebo ya alumini ya 150, ukiipunguza kwa joto na mchanga uleule, inabeba karibu ampea 195. Kwa hiyo chuo kina machaguo mawili yanayolingana: shaba ya 95 au alumini ya 150. Alumini kwa kawaida ni nafuu na haimvutii mwizi kama shaba, ila ni nene zaidi, na vichwa vyake vinahitaji viunganishi vyake mahususi, kwa sababu shaba na alumini zikigusana penye unyevu huliana.

Kupungua kwa volti, ambako hutesa kebo za volti 400, hapa hakuna uzito. Ukivuta ampea 136 kwenye mzunguko wa kilomita tatu, tena ukidhani mzigo wote uko mwisho kabisa, shaba ya 95 inapoteza volti kama 190 kati ya 11,000. Hiyo ni chini ya asilimia mbili.

Mitaro miwili, si mmoja

Kebo mbili zinapotoka langoni, kishawishi ni kuzilaza kwenye mtaro mmoja na kuokoa gharama za kuchimba. Vitabu vitakuambia kebo zikilala pamoja hupashana joto na kupunguziana uwezo. Ni kweli, lakini hapa sababu hiyo ni ndogo: siku upande mmoja unapobeba chuo kizima, wa pili umekufa na haupashi mtu joto. Sababu kubwa ni kile kijiko cha mtambo. Mtaro mmoja ukikatwa, pande zote mbili zinakufa kwa pigo moja na mzunguko haupo tena. Kebo moja izunguke kushoto mwa barabara kuu ya kampasi na nyingine ipite nyuma ya viwanja vya michezo, hata kama ni mita mia za ziada. Kila moja ifukiwe mita moja hivi, ilazwe juu ya mchanga laini, ifunikwe vigae vya zege, na juu yake iwekwe tepu ya tahadhari. Chini ya barabara ipite ndani ya bomba la milimita 150, na bomba la akiba liwekwe kando yake wakati mtaro bado uko wazi.

Chumba

Tuchukue kituo cha maabara chenye transfoma ya kVA 1,000. Jengo linalofaa lina vyumba vitatu kwa mstari, kila kimoja kikiwa na kina cha mita 3.5: cha RMU mita 3, cha transfoma mita 3.5, na cha bodi ya volti 400 mita 4. Mpangilio unafuata njia ya umeme. Transfoma inakaa katikati kwa sababu upande wake wa chini hutoa ampea 1,443, na kila fezi inahitaji kebo tatu au nne nene. Kila mita ya ziada ni fedha na joto.

Katika chumba cha RMU, kabati lenye kina cha sentimita 85 likisogezwa karibu na ukuta kwa nafasi aliyoitaja mtengenezaji, mbele linabaki na mita mbili na nusu. Nafasi hiyo ina kazi. Mtu anasimama akizungusha mpini mrefu wa swichi bila kiwiko chake kugusa ukuta, na siku ya kubadilisha kabati linatoka bila kubomoa. Mlango unafunguka nje na kusukumika kwa mwili, kwa sababu anayekimbia moshi hatafuti kitasa. Chumba kiwe na upana wa kuongeza sehemu ya nne ya swichi. Jengo jipya likija, ndiyo itakayolilisha.

Chini ya kabati kuna shimo la kebo, na hapa ndipo waashi na mafundi umeme hugombana. Kebo yetu ya nyaya tatu ina kipenyo cha milimita 60 hivi, na haitakiwi kukunjwa kwa nusu kipenyo cha duara kilicho chini ya mara 12 hadi 15 ya unene wake. Hiyo ni sentimita 70 hadi 90. Shimo la sentimita 45, kama lilivyozoeleka kwa kebo ndogo, litalazimisha kebo ipinde shingo na kuvuta kichwa chake pembeni. Kichwa kilichovutwa hakifi siku hiyo. Hupata nafasi ndogo ya hewa ndani, na ndani ya nafasi hiyo umeme hutafuna kihami taratibu kwa miezi au miaka. Dalili zake zipo kwa anayezitafuta: sauti ya mchemko hafifu chumba kikiwa kimya usiku, harufu kali kama ya hewa baada ya radi, na unga mweupe au wa kijani karibu na kichwa. Kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyosikia mchemko huo kabla sikio halijausikia. Lakini dawa ya kwanza ni shimo la mita moja.

Mashimo ya kupitishia kebo yazibwe pande zote. Maji ya mvua hufuata kebo hadi ndani, na wanyama nao hutafuta joto. Mnamo tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliyeangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru alisababisha Kenya nzima kukosa umeme, baada ya megawati 180 kutoka kwa mara moja. Panya au mjusi kwenye chumba kisichozibwa anaweza kufanya hivyo kwa kampasi.

Gesi ya SF6 nayo ina tabia mbili za kukumbukwa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hujikusanya ndani ya shimo la kebo, mahali ambapo fundi huinamisha kichwa. Chumba kiwe na matundu ya hewa chini karibu na sakafu, na kipitishiwe hewa kabla ya mtu kuingia shimoni. Pia inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu ishirini ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuanza kutumia swichi mpya zenye gesi hiyo hadi kilovolti 24 kuanzia Januari 2026. Anayenunua leo aulize pia kabati zinazotumia hewa kavu na swichi za ombwe, kwani atakaa nalo miaka thelathini.

Chumba cha transfoma adui yake ni joto. Transfoma ya kVA 1,000 ikijaa hupoteza karibu kilowati 12, sawa na kuwasha majiko sita makubwa ya umeme na kufunga mlango. Kanuni inayotumiwa na wasanifu ni hii: tundu la chini la kuingizia hewa, kwa mita za mraba, liwe 0.18 mara kilowati zinazopotea, gawanya kwa kipeuo cha pili cha urefu kutoka tundu la chini hadi la juu. Kwa kilowati 12 na urefu wa mita mbili, unapata mita za mraba 1.5 chini, na asilimia kumi zaidi juu. Lakini hilo ni eneo tupu. Ukiweka vibao vya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege, karibu nusu inaziba, kwa hiyo tundu ukutani liwe mita za mraba tatu. Tena kanuni hiyo inadhani hewa ya nje ina wastani wa nyuzi 20. Pwani ongeza zaidi, au chagua transfoma kubwa isiyojazwa. Karatasi ya kihami iliyo ndani ya mafuta huzeeka maradufu kwa kila nyuzi sita za ziada, na transfoma iliyofungiwa kwenye chumba kisichopumua hufa mapema bila mtu kujua kilichoiua.

Chini yake kuwe na beseni la zege linaloweza kubeba mafuta yote na asilimia kumi zaidi, milango itazame barabara ambayo lori linaweza kufika, na sakafu iwe juu ya usawa wa maji ya mafuriko. Hakuna bomba la maji wala choo cha ghorofani kinachoruhusiwa kupita juu ya vyumba hivi.

Kabla ya kulipa

Mzunguko una kikomo chake: shirika la umeme likikata langoni, vituo vyote vitano vinazimika, na hapo jenereta ndizo zinazojibu. Mzunguko unalinda chuo dhidi ya hitilafu zilizo ndani ya uzio wake tu.

Kwa hilo tu ndilo unalolinda, mkandarasi athibitishe kwamba unalinda kweli. Kabla ya malipo ya mwisho, aombwe kuifanya siku mbaya makusudi, jioni wanafunzi wakiwa wamerudi mabwenini. Afungue kipande cha kwanza cha upande wa pili, afunge ile swichi ya mabwenini, na upande wa kwanza ulishe chuo kizima kwa saa mbili. Mita ya langoni isomwe. Joto la vichwa vya kebo lipimwe kwa kamera ya joto kupitia madirisha maalumu, au kwenye gamba la kebo chini ya kabati. Fundi wa zamu wa chuo, na si wa mkandarasi, afanye swichi zote kwa mkono wake akifuata mchoro ulioning'inizwa ukutani, huku saa ikihesabu dakika. Kisha jaribio lirudiwe kwa upande wa pili. Mkandarasi akisitasita, akisema mzigo ni mkubwa mno kwa upande mmoja, chuo kitakuwa kimepata jibu lake: kilichofukiwa ni njia mbili fupi zinazokutana mabwenini, na malipo yasubiri.